Shajara ya mradi: hadithi ya sketi moja ya shule

Machi, wiki ya kwanza

Nimeanza hadithi fupi mpya. Mama ana sare moja ya binti yake, na kwa miaka kadhaa anaiachia na kuipunguza kadiri mwili wa mtoto unavyobadilika. Nataka matukio yote yapite mikononi mwa mama huyo akiwa na sindano, na msomaji ajue yaliyompata mtoto kwa kuangalia nguo tu.

Uamuzi wa kwanza ni nguo yenyewe. Gauni lililokatwa kiunoni nimeliacha. Pindo lake linaweza kuachiwa kila mwaka, lakini kiwiliwili nacho kinarefuka, na mshono wa kiuno unapanda hadi unakaa chini ya mbavu. Hapo hata pindo likifika chini ya magoti, gauni bado litaonekana la mtoto mdogo. Shati ni gumu zaidi. Mabega yakishapanuka, mshono wa kwapa hauna kitambaa cha kuachia, kwa sababu mafundi huacha kidogo sana pale ili mkono ukae vizuri.

Sketi ndiyo inayovumilia miaka. Ina sehemu mbili tu za kushughulikia, pindo chini na mishono miwili ubavuni, na kiuno cha mtoto hukua polepole kuliko miguu yake. Nimechagua sketi iliyonyooka, yenye mkanda kiunoni na zipu nyuma, ili mishono ya ubavuni ibaki huru. Rangi ni bluu iliyokolea. Rangi ya kaki inaficha mabadiliko, bluu iliyokolea haifichi, na mimi nahitaji nguo isiyoweza kuficha kitu. Kitambaa ni mchanganyiko wa pamba na polista. Chenye polista nyingi huanza kung'aa makalioni mapema, lakini hakichaniki upesi, kwa hiyo miaka sita si uongo.

Machi, wiki ya pili

Hesabu. Nimeifanya kabla ya kuandika aya yoyote, maana hadithi ya namna hii ikikosea vipimo, mshonaji yeyote ataifunga kwenye ukurasa wa pili.

Binti ana miaka 7 hadithi inapoanza, urefu karibu sentimita 120. Inapokwisha ana 12, urefu karibu 150. Mtoto wa umri huo huongezeka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, lakini sketi haihitaji zote. Kutoka kiunoni hadi gotini ni kama theluthi tu ya urefu wa mtu, kwa hiyo mtoto akiongezeka sentimita 6, sketi inataka kushuka sentimita 2 hivi. Kwa miaka yote hiyo mama anahitaji akiba ya sentimita 10 au 11.

Hiyo akiba inakaa wapi? Sentimita 8 zinakaa kwenye pindo. Pindo pana zaidi ya hapo linakuwa zito, linaning'inia vibaya na kumgonga mtoto miguuni anapokimbia. Zilizobaki, na ziada kidogo, mama anazificha kwenye mikunjo miwili ya mlalo, iliyoshonwa kwa ndani juu kidogo ya pindo. Kila mkunjo una kina cha sentimita 1, na kwa kuwa kitambaa kinakwenda na kurudi, unameza sentimita 2 za urefu. Kwa nje unaona mstari mwembamba wa nyuzi tu. Faida ya mikunjo ni kwamba mwaka wa kwanza wa kuachia, mama hahitaji kugusa pindo kabisa. Anafumua mkunjo mmoja, basi.

Ubavuni ameacha sentimita 3 za kitambaa kila upande wa mshono. Hapa kuna hesabu ambayo watu wengi hawaijui mpaka waishone wenyewe. Ukisogeza mshono sentimita 1 tu, umegusa vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, na mishono iko miwili. Kiuno kinabadilika kwa sentimita 4. Sentimita moja ya mama ni kubwa, na hadithi yangu itasimama juu ya hilo.

Ndani ya hadithi sitaandika sentimita hata moja. Mama anapima kwa vidole. Vidole vinne vya mtu mzima vilivyobanwa pamoja ni pindo lake zima, na nusu ya kidole ni mkunjo.

Machi, mwisho wa mwezi

Tukio la kwanza limekaa. Naliweka hapa kama lilivyo sasa.

> "Simama wima, mwanangu. Usinyanyue mabega."
>
> "Mama, mbona ni kubwa?"
>
> "Haitakuwa kubwa."
>
> Mdogo wake alikuwa sakafuni, ameitia ncha ya futi kamba mdomoni. Mama hakuihitaji. Alibana vidole vinne chini ya ukingo wa kitambaa, akakunja, akaweka pini. Kisha akapanda juu kidogo na kukunja tena kwa ndani, mara mbili, mikunjo miembamba ambayo hakuna mwalimu angeiona.
>
> "Mama, sasa imekuwa nzito."
>
> "Utaizoea."
>
> Alishona mikunjo kwa mishono mirefu ya kulegea, kwa sababu alijua ni nani atakayeifumua.

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonionyesha njia. Mama huyu kila anaposhona anafikiria kufumua. Hafungi kwa nguvu. Mshono mfupi uliokazwa unashika vizuri, lakini siku ya kuutoa, ncha ya mkasi itakula kitambaa. Wakati wa kufumua mshono wa cherehani anakata uzi kwa kuruka, kila mshono wa tatu au wa nne upande mmoja, halafu anageuza nguo na kuvuta uzi wa upande wa pili, nao unatoka mzima. Anayevuta kwa pupa anaacha mashimo.

Nimeamua pia kwamba mdogo wake awepo tangu mwanzo, bila kutajwa sana. Atahitajika.

Aprili, kwa fundi

Nimepeleka ukurasa wa mabadiliko ya rangi kwa fundi wa nguo, mama mtu mzima ambaye ameshona sare tangu ujana wake. Nilikuwa nimepanga sketi iwe na ngazi ya rangi. Kila mwaka pindo likishuka, ukanda mpya uliokolea unatokea chini ya ule uliopauka, kwa hiyo wa chini kabisa ndio mweusi kuliko yote na msomaji anahesabu miaka kutoka juu kwenda chini. Fundi akasoma, akavua miwani.

"Mwanangu, huyu mama yako anaanika wapi?"

Nikamwambia, juani, kwenye kamba.

"Anaigeuza?"

Akachukua sketi kuukuu kutoka kwenye rundo lake na kunionyesha. Ukiigeuza sketi ndani nje, kitambaa cha pindo kilichokunjwa ndani kinakupa uso wake wa nje. Ndio huohuo utakaoonekana siku pindo likiachiwa. Mama anayejua kwamba mwakani ataachia pindo anaianika sketi ikiwa imegeuzwa. Jua linakula ile sehemu iliyofichwa, wakati uso wa mbele unapumzika. Miezi ikipita, rangi mbili zinakaribiana, na pindo likishuka ukanda hauonekani sana. Kilichobaki ni ule mstari wa mkunjo wenyewe, mweupe kidogo, kwa sababu ukingo wa pindo ndio unaosuguliwa na viti na magoti kila siku. Mstari huo haufutwi na pasi. Kitambaa chenye unyevu na siki kidogo kinalainisha mkunjo, lakini nyuzi zilizolika hazirudi.

"Na mikunjo yangu ya juu?" nikauliza.

"Hiyo jua haiifikii hata ukigeuza. Imejifungia yenyewe. Ukifumua utakuta bluu ya dukani."

Mkunjo unapokwenda ndani, nyuso zake za nje zinatazamana, zimebanwa pamoja. Haupauki kwa jua la mbele wala la nyuma. Kwa hiyo ngazi imekwenda, na kilichokuja mahali pake ni bora mara nyingi. Sketi itakuwa na kanda mbili tu zinazopiga kelele, zile za mikunjo, na nyingine zitanong'ona. Ukanda utakaokolea kuliko wote ni wa mkunjo uliofungwa kwa muda mrefu zaidi. Nikajua papo hapo ni mwaka upi nitauacha ufunguliwe.

Mama naye amepata akili zaidi. Mwaka wa pili anafumua mkunjo wa kwanza, ukanda wa bluu mpya unatokea katikati ya sketi iliyopauka, binti anachekwa darasani. Kuanzia wiki hiyo mama anageuza sketi kila anapoianika. Hamwelezi mtoto kwa nini. Anajiandaa kwa pindo la miaka ijayo.

Mei

Mwezi huu wote nimekuwa kwenye mwaka wa tatu, na sijutii, kwa sababu hadithi nzima inageukia hapa.

Msomaji ameshazoea kuachia. Kila mwaka mama anatoa kidogo. Mwaka wa tatu anakaa na sketi, binti amesimama mbele yake kama kawaida, na pindo liko palepale. Mtoto hakuongezeka. Kisha mama anashika mkanda wa kiuno, na vidole vyake viwili vinaingia bila kugusa ngozi.

Ugonjwa sijautaja jina. Nilijaribu kuutaja katika rasimu iliyotangulia, na mara moja hadithi ikahama, ikaenda hospitali, ikajaa dawa na watu waliovaa makoti. Ninachohitaji ni kile ugonjwa wa muda mrefu unachofanya kwa mwili wa mtoto. Uzito unashuka kwanza, na kama hali inaendelea, urefu nao unapunguza mwendo. Nguo inavionyesha vyote viwili kwa pamoja: kiuno kimelegea, pindo halijasogea. Mtoto mwembamba tu kwa maumbile hatoi alama hizo, maana anazidi kurefuka.

Kupunguza sketi ubavuni ni kazi ndefu kuliko kuachia pindo. Mkanda upo njiani. Mama anafumua mkanda kwenye kila ubavu, kiasi cha vidole vitatu hivi huku na huku, anageuza sketi, anachora mshono mpya kwa chaki ndani ya ule wa zamani, anashikiza kwa bandi, anamvalisha mtoto, anatazama, kisha anashona kabisa na kurudisha mkanda ukiwa mfupi. Mshono mpya unaanzia kiunoni na kushuka ukiukaribia wa zamani, mpaka unakutana nao chini ya nyonga. Ukikatiza ghafla, sketi inatoa tuta pale ubavuni.

Sasa kuna hatua ambayo fundi yeyote angeifanya. Baada ya kupunguza, ndani ya mshono kuna kitambaa kingi. Kilikuwa sentimita 3 kila upande, kimekuwa 4. Kinajaza, kinakwaruza. Fundi anachukua mkasi, anapunguza kitambaa kilichozidi, anamaliza ukingo kwa ovaloki, na nguo inakaa safi. Mama hafanyi hivyo.

> "Mama, hapa panachoma."
>
> "Wapi?"
>
> "Hapa ndani. Pamejaa."
>
> Mama aliingiza mkono, akalaza kitambaa kwa kidole gumba, kushoto na kulia, kama mtu anayefungua kitabu kisichotaka kukaa wazi. Mkasi ulikuwa karibu na goti lake.
>
> "Kata tu, Mama."
>
> "Nitapiga pasi."
>
> "Ukikata haitachoma."
>
> "Nimesema nitapiga pasi, mwanangu."

Akikata, amekubali kwamba kiuno hiki ndicho kiuno. Sijaandika hivyo ndani ya hadithi na sitaandika. Mkasi ulio karibu na goti unatosha, na yule binti anayesema "kata tu" hajui anaomba nini.

Rafiki mmoja aliyesoma ukurasa huu alinishauri mama alie. Nimefikiri sana na jibu langu ni hapana. Mtu anayeshona kwa bandi juu ya mstari wa chaki anahitaji kuona, na chaki kwenye kitambaa kilichopauka haionekani vizuri hata macho yakiwa makavu. Huyu mama ana kazi mbele yake usiku huo. Nimempa jambo lingine badala yake: anashona mishono mirefu. Ile ya kulegea, ya mwaka wa kwanza. Msomaji aliyekuwa makini na tukio la mwanzo ataielewa, na asiyekuwa makini ataona tu mama anashona.

Juni, mwanzoni

Mwaka wa nne umeniendea vizuri kwa sababu mwili wa mtoto unafanya hadithi yenyewe. Mtoto aliyekuwa amekwama kwa ugonjwa, akipona na akila vizuri, mara nyingi hukua kwa kasi kuliko wenzake wa umri wake kwa muda fulani, mwili ukifidia ulichopoteza. Kwa hiyo mwaka huu sentimita 2 za kawaida hazitoshi. Zinatakiwa 4.

Mama anafumua ile mishono mirefu ya ubavuni, na kitambaa ambacho hakukikata kiko pale pale, kinarudi mahali pake. Mkanda unarefuka. Kisha anafumua mkunjo wa pili, uliojifungia tangu mwaka wa kwanza, na anashusha pindo kwa sentimita 2 nyingine. Mkunjo unatoa bluu ya siku ya kwanza, kali kuliko ukanda wowote kwenye sketi. Pindo, lililoanikwa likiwa limegeuzwa miaka miwili, linashuka kimya.

Ubavuni je? Hapa niliogopa kwamba nitalazimika kutia ukanda mwingine wa rangi, lakini nilipolijaribu jambo hili kwenye sketi kuukuu niliyopewa na fundi, nikaona sivyo. Kitambaa kilichoingia ndani mwaka wa tatu kilikuwa nje kabla ya hapo, na mshono ukifunguliwa na kulazwa kwa pasi, uso wake wa nje unatazama ndani, yaani unapata jua sketi ikigeuzwa. Rangi haisemi kitu. Kinachobaki ni vitobo. Pamba tupu ikifuliwa, nyuzi zinajisogeza na kuziba tundu la sindano. Polista haifanyi hivyo, inabaki na alama. Ukiishika sketi dhidi ya mwanga unaona msururu wa nukta ndogo sambamba na mshono, kutoka kiunoni hadi nyonga, kila upande. Mwaka ule mbaya umebaki hivyo kwenye nguo: hauonekani mtoto akitembea, unaonekana kwa anayeishika tu.

Nimeandika tukio hili kwa furaha ambayo sikuitegemea. Binti anakasirika kuhusu ukanda wa bluu. Anataka kujua kama utafutika. Mama anamwambia utafifia. Anamgeuza kwa mabega, anamtazama kwa nyuma, anamgeuza tena, na hana haraka ya kumaliza.

Juni, katikati

Mwaka wa tano na wa sita nimeviweka pamoja katika ukurasa mmoja. Binti anaingia umri wa kurefuka haraka, pindo linashuka kwa sentimita 3, halafu mwaka unaofuata akiba inakwisha. Zimebaki 3 tu ndani ya pindo, na zinatakiwa 2. Pindo la sentimita 1 halisimami, linajikunja kwa nje baada ya kufuliwa. Mama anatafuta kipande cha kitambaa kingine cha rangi inayokaribia, anakiunga ukingoni kwa ile sentimita 1 iliyobaki, anakigeuza chote ndani, na hicho ndicho kinakuwa pindo. Kwa nje hakionekani. Hii ndiyo njia ya mwisho, na haitoi urefu wowote mpya kuliko uliokuwepo. Inakuruhusu tu kuutumia wote.

Makalio ya sketi yanang'aa sasa, na ukiweka kiganja nyuma ya kitambaa unaona kivuli cha vidole. Mstari huo mmoja nimeuacha, mengine ya uchakavu nimeyafuta.

Julai

Mwisho. Binti mkubwa amemaliza na sketi. Mdogo wake, aliyekuwa akitafuna futi kamba, ana miaka 7.

Mama anafumua kile kipande cha kuunga. Anarudisha pindo la vidole vinne. Anarudisha mikunjo miwili kwenye mistari yake ya zamani, na zile kanda mbili zilizokolea zinaingia ndani na kutoweka, maana mkunjo unameza hasa kile ulichokuwa umekificha. Nimeijaribu hii kwa mikono yangu na inatokea hivyohivyo. Mistari myeupe ya mapindo ya miaka ya mwisho nayo inakwenda ndani pamoja na pindo. Sketi inaonekana imepauka sawasawa, kama nguo ya kawaida iliyorithiwa.

Kimebaki kiuno. Mdogo ni mwembamba kuliko dada yake alivyokuwa, mwembamba wa kuzaliwa, mzima wa afya. Mama anabana ubavuni kwa pini, na pini zinaangukia kwenye ule msururu wa vitobo, sawasawa kabisa.

> "Panatosha hapo, Mama. Panakaa vizuri."
>
> Mama alizitoa pini. Akazirudisha nje kidogo, upana wa punje, upande wa kulia, kisha wa kushoto.
>
> "Hapo italegea."
>
> "Nitaweka kifungo cha pili."

Fundi aliposoma sehemu hii alitikisa kichwa kwa kukubali, akasema mama amefanya sawa, kwa sababu mshono ukipita juu ya vitobo vya zamani kitambaa kinachanika kama karatasi ya kuchana. Hana habari na lile ninalolifikiria mimi, na sikumwambia. Nimefurahi kwamba sababu yake ni ya kweli na inatosha. Msomaji anayejua kushona atapata sababu moja, anayekumbuka mwaka wa tatu atapata nyingine, na mama mwenyewe anaweza kuwa nazo zote mbili bila kuzitenganisha.

Kulikuwa na aya moja zaidi baada ya hapo, dada mkubwa akimtazama mdogo wake akitoka na ile sketi. Nimeiondoa. Ilikuwa inamchukulia mama hadithi yake dakika ya mwisho.

Julai, mwisho wa mwezi

Rasimu imekamilika na nimeanza kuipitia kwa sauti. Kazi iliyobaki ni ya namna tatu. Nimefuta kila "mwaka uliofuata" na "miaka ikapita", maana pindo linatangaza muda lenyewe. Bado kuna sehemu moja, kati ya mwaka wa tano na wa sita, ambapo msomaji wangu wa kwanza alipotea, na pale nitamwongezea mama kitendo kimoja cha kupima kwa vidole ili idadi ya vidole vilivyobaki iseme. Pili, neno "pasi" limejirudia mno katika tukio la mwaka wa tatu, ingawa lile la mwisho katika mazungumzo lazima libaki. Tatu ni uzi. Uzi mpya wa bluu unakolea kuliko kitambaa kilichopauka, na mama mwenye jicho hili asingekubali mshono wa pindo uonekane kwa nje. Nitamfanya achague uzi wa kijivu kidogo kwenye mwaka wa nne, akiuweka juu ya sketi mchana dirishani kabla ya kuukata, kisha nitaurudia kwa nusu sentensi kwa mdogo mtu. Nikimaliza hayo naipeleka kwa fundi mara ya mwisho, kwa sababu ameniomba aone kama kile kifungo cha pili nimekiweka upande unaofaa wa mkanda.